Kipeperushi cha kukunja vipande vitatu: usipeleke kuprinti kabla hujasoma hii

"Wakuu, natengeneza kipeperushi cha A4 cha kukunja vipande vitatu. Nje nimepanga 1, 2, 3 kutoka kushoto, ndani 4, 5, 6. Iko sawa? Na nitumie karatasi gani, maandishi saizi gani? Naprinti kesho."

Mkuu usiprinti. Hiyo 1-2-3 yako ndiyo iliyonila mimi hela, tena kwa mpangilio ambao ulikuwa na nafuu kuliko wako, maana mimi angalau jalada lilikaa mahali pake.

Chukua karatasi tupu ya A4 sasa hivi, ilaze, kunja theluthi ya kulia iingie ndani, halafu ya kushoto ije juu yake. Igeuze geuze mpaka uishike kama kitabu kinachofungukia kushoto. Mbele andika 1. Fungua jalada uone: kushoto ni mgongo wa jalada, andika 2, na kulia hauko ndani bado, unaangalia kile kipande kilichokunjwa (mimi nakiita ulimi), andika 3. Fungua ulimi, katikati 4, kulia 5. Nyuma kabisa 6. Sasa ikunjue yote usome: ndani ni 2-4-5, nje ni 3-6-1. Jalada liko KULIA upande wa nje, na ulimi, ambao kwenye kompyuta unaonekana umejificha pembeni kushoto kama stoo, ni kitu cha tatu ambacho msomaji anakutana nacho, kabla hajaona hata nusu ya ndani.

Mimi hilo sikulijua. Kipeperushi changu kilikuwa cha kutibu maji ya kunywa nyumbani, nakala 2,000. Ndani hatua sita, mbili mbili. Kushoto: 1 chota maji, 2 chuja kwa kitambaa safi. Katikati: 3 chemsha mpaka yatokote kabisa, yaache yakitokota angalau dakika moja, 4 funika yapoe. Kulia: chombo cha kuhifadhia na namna ya kuchota. Ulimi nikaona ndo mwisho wa habari, nikaweka picha ya mtoto na glasi, maandishi makubwa: HONGERA, MAJI YAKO SASA NI SALAMA.

Unaona kilichotokea? Siku ya kugawa, mama mmoja akafungua jalada, akasoma kushoto, akasoma kulia, akaniuliza "Kwa hiyo kuchuja tu kunatosha?" Nikaanza kumjibu kwa ujuaji kwamba mama soma hatua zote, halafu nikaangalia mikononi mwake. Chota, chuja, hongera. Kuchemsha kumelala chini ya ulimi! Mimi nilikuwa nasambaza ugonjwa wa kuhara, na tena kwa rangi nne.

Na yule jamaa wa dizaini, nilimuuliza kabisa kama mpangilio uko poa, akanijibu "bosi relax, hii ndo standadi." Standadi ya wapi? Alinitumia PDF, nikaiangalia kwenye simu, vipande vyote vitatu vimetandazwa vizuri vinang'aa, nikaidhinisha, kwa sababu PDF haikunjwi. Hata kuprinti nakala moja tu akaikunja kwa mkono hakufanya. (Sawa, na mimi sikufanya. Tuendelee.)

Nilikaa siku mbili nabandika stika 2,000 juu ya hongera: "BADO! Fungua hapa, hatua ya 3 ni kuchemsha." Cha kuchekesha ni kwamba stika ilifanya kazi kuliko dizaini yote, kwa sababu hapo ndo mahali pa kumwambia mtu afungue. Kwa hiyo kwenye ulimi weka kitu kinachosomeka kikiwa jirani na kipande namba 2 bila kukimalizia habari. Swali linafaa, onyo linafaa. Jibu la mwisho, fomu au bei, hapana. Na usitandaze kichwa cha habari juu ya vipande vyote vya ndani, changu kilikuwa MAJI SALAMA NYUMBANI, mtu akifungua jalada anaona MAJI, basi.

Najua utasema basi nakunja kinyume, jalada libaki kushoto. Unaweza, ila kitafungukia kulia kama msahafu, na maandishi yako yanasomwa kushoto kwenda kulia, utamchanganya msomaji bure.

Halafu ulimi uwe mwembamba kidogo, 97 mm, vingine 100 na 100, la sivyo unajibana kwenye mkunjo na kuvimba. Nje unakaa kushoto, ndani huo huo unakaa kulia, kwa hiyo vipimo vya ndani ni 100, 100, 97, usikopi vya nje. Ukiprinti mwenyewe pande mbili, chagua kugeuzia upande mfupi, vinginevyo ndani inatoka kichwa chini.

Karatasi gani na maandishi saizi gani, hayo wengine watakujibu. Wewe piga picha hiyo karatasi uliyoandika namba, pande zote mbili, uitupie hapa, na uniambie kwenye namba 3 umeweka nini.