Kutolewa mafindofindo ukubwani: ogopa siku ya 6 unapojiona umepona

Niliyaondoa mafindofindo yangu nikiwa mtu mzima, baada ya kuuguzwa na tonsesi mara sita ndani ya mwaka mmoja. Nilijiandaa kwa siku ya kwanza tu. Siku ya kwanza, kwa kweli, ilikuwa nafuu: dawa za usingizi bado zimo mwilini, nesi yuko karibu, na nilimeza maji nikajiuliza watu wanalalamikia nini. Maumivu yaliyonifanya nilie yalikuja siku ya 4, nikiwa nyumbani, na yakarudi upya siku ya 7.

Ukielewa kinachoendelea kooni, ratiba hiyo haikushangazi. Pale mafindofindo yalipokuwa hapashonwi kama jeraha la upasuaji wa tumbo. Huachwa wazi, pajifunike penyewe. Kuanzia siku ya kwanza au ya pili utaona utando mweupe, wenye rangi ya maziwa yaliyoganda, pande zote mbili. Mimi nilimulika tochi ya simu kwenye kioo nikadhani ni usaha. Sivyo. Hicho ndicho kigaga cha kooni. Ni cheupe kwa sababu kimelowana mate muda wote. Kinanuka, tena vibaya, na hakitaki kusuguliwa wala kukwanguliwa. Kati ya siku ya 5 na ya 10 kinabanduka vipande vipande, na nyama mbichi iliyo chini yake inabaki wazi. Ndiyo maana maumivu yanarudi wakati ulidhani yanaisha, na ndiyo maana damu nyingi za baada ya kutoka hospitali hutokea siku hizohizo.

Kosa langu nililifanya usiku wa siku ya 6. Nilikuwa nimeshinda vizuri, nikajiambia nilale moja kwa moja, niruke dawa ya usiku wa manane. Niliamka saa 11 alfajiri koo limekauka kama karatasi, masikio yote mawili yakichoma hadi ndani. (Masikio hayana ugonjwa, mshipa wa fahamu unaohudumia koo una tawi linaloenda sikioni, basi ubongo unachanganya.) Nilishindwa kumeza hata mate. Na hapo ndipo unaponaswa: huwezi kumeza dawa kwa sababu ya maumivu, na maumivu hayatulii kwa sababu hujameza dawa. Nilinyonya vipande vya barafu kwa nusu saa ndipo nikaweza kuteremsha parasetamoli iliyoyeyushwa kwenye maji.

Tangu hapo nilifuata saa, sikusubiri kuumwa. Ratiba niliyoandikiwa ilikuwa parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Hizo ni gramu 4 kwa siku, na ndio ukomo kwa mtu mzima mwenye kilo 50 na zaidi, kwa hiyo soma pakiti za dawa za mafua kabla ya kuongeza chochote, nyingi zina parasetamoli ndani. Pamoja nayo nilikunywa ibuprofeni miligramu 400 mara tatu, saa 2 asubuhi, saa 10 jioni na saa 6 usiku, kila mara na kitu tumboni. Ibuprofeni si ya kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo, figo zenye shida au pumu inayochochewa na dawa hizo aulize kwanza, na madaktari wengine wa koo hawapendi kuitoa kabisa baada ya upasuaji huu. Aspirini usiguse, inafanya damu ichelewe kuganda. Mtoto hupimiwa dozi kwa uzito wake, na asipewe kodeini.

Kengele ya saa 6 usiku niliiweka kwenye simu hadi siku ya 10. Inachosha, lakini alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu umelala mdomo wazi na hujanywa kitu kwa saa kadhaa.

Chakula nilikipanga kwa kufuata dawa: nakunywa dawa, nasubiri dakika 40, kisha nakula. Dirisha hilo la saa mbili hivi ndilo la kulitumia. Uji mwepesi wa vuguvugu, viazi vilivyopondwa na maziwa, mayai laini, mtindi, supu iliyopoa. Aiskrimu kila mtu alinishauri. Mimi iliniletea makohozi mazito yaliyonilazimisha kukohoa, nikaiacha siku ya 2. Machungwa, nyanya na pilipili vinachoma kama chumvi kwenye jeraha. Kama siku fulani chakula hakipiti, usijitese, lakini maji hayana msamaha. Nilikuwa na chupa ya lita moja mezani nikipiga funda dogo kila dakika chache, chupa mbili kwa siku. Kipimo changu kilikuwa chooni: mkojo ukiwa wa rangi ya chai, au ukikaa saa nyingi bila kwenda, umepungukiwa maji. Na tafuna kidogo hata kama inauma. Taya linalokaa bila kazi hukaza, na siku inayofuata kumeza kunakuwa kugumu zaidi.

Damu yangu ilikuja usiku wa siku ya 8. Nilihisi ladha ya chuma mdomoni, nikatema kwenye sinki: mate yenye uzi wa damu. Nikatema tena, safari hii damu nyekundu mbichi, kama kijiko kimoja cha chakula. Nilikaa wima, nimeinama mbele juu ya beseni, nikitema badala ya kumeza, nikinyonya barafu huku ndugu yangu akitafuta funguo za gari. Usilale chali, damu itakwenda kwenye njia ya hewa au tumboni. Tulipofika hospitali ilikuwa imekata. Nilitaka kugeuza nirudi nyumbani, na nashukuru nilizuiwa, kwa sababu damu kidogo inayokata yenyewe huweza kuwa mtangulizi wa nyingi saa chache baadaye. Daktari alimulika, akaona donge la damu upande wa kushoto, akaniwekea dripu, akachukua damu ya vipimo na kuninyima chakula ili niwe tayari kama ningehitaji kurudishwa chumba cha upasuaji. Sikuhitaji. Nililazwa usiku mmoja.

Mate yenye rangi ya waridi siku ya kwanza ni kawaida. Damu mbichi nyekundu, donge la damu, au kutapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa, nenda hospitali usiku huohuo. Ikiwa inamiminika, ita gari la wagonjwa. Kwa mtoto aliyelala, sikiliza koo: akimeza mara kwa mara usingizini, mwamshe umulike, huenda anameza damu usiyoiona. Homa ya nyuzi 38 siku mbili tatu za mwanzo isikutishe, ikipita 38.5 au ikija baadaye, piga simu.

Kwa hofu ya damu kurudi sikusafiri wala kunyanyua kitu kizito hadi siku 14 zilipoisha. Ndugu yangu alilala sebuleni siku zote hizo, funguo za gari zikiwa zimening'inizwa mlangoni. Siku ya 12 nilipiga mwayo mkubwa bila kushika taya, ndipo nikazima kengele zote za dawa.