Maswali na majibu: Kosa halikutimia, hatia inatoka wapi?

Wakili, mtu akikamatwa nje ya mlango kabla hajaingia kupora, amejaribu kupora au bado?

Inategemea kama alikuwa ameshavuka maandalizi. Nitajibu kwa sheria ya Uingereza, maana imeathiri nchi nyingi. Sheria yao ya mwaka 1981 inataka mambo mawili: nia ya kutenda kosa lenyewe, na tendo lililo zaidi ya maandalizi tu.

Katika shauri la Campbell la 1991, polisi walikuwa wamedokezwa kwamba ofisi ya posta ingevamiwa. Wakamkamata mshitakiwa karibu yadi moja tu kutoka mlangoni, akiwa na bastola ya bandia na barua ya vitisho. Mahakama ya rufaa ilifuta hatia ya kujaribu kupora: alikuwa hajaingia, wala hajamtisha mtu yeyote.

Linganisha na Jones, 1990. Alinunua bunduki, akakata mtutu, akajifunika uso, na yote hayo yakahesabiwa maandalizi. Alipoingia ndani ya gari la hasimu wake wa mapenzi na kumwelekezea bunduki yenye risasi, mstari ukavukwa, ingawa hakufyatua. Mahakama huuliza kama mtu ameanza kutenda kosa lenyewe au bado anajiweka tayari. Binafsi naona Campbell alipendelewa, kwani polisi hawawezi kungoja keshia aelekezewe bastola ndipo wamkamate mtu. Hata hivyo, kutembea na silaha ya bandia kwa nia ya uhalifu kunaweza kuwa kosa linalojitegemea, kwa hiyo kukosa hatia ya kujaribu si lazima kumrudishe mtu nyumbani.

Nilidhani mzigo niliobeba ni dawa za kulevya, kumbe ni majani tu. Hapo kuna kosa gani?

Kujaribu. Shivpuri alikutwa katika hali hiyo hiyo, na mwaka 1986 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilithibitisha hatia yake. Anapimwa kwa mambo kama alivyoyaamini yeye, si kama yalivyokuwa.

Tulikaa tukapanga, kisha nikaghairi. Sikugusa chochote. Bado nina kesi?

Ndiyo. Kosa la kula njama hukamilika pale watu wawili au zaidi wanapokubaliana kutenda kosa, wakikusudia litendeke. Kughairi kesho yake hakufuti makubaliano ya jana, ingawa hakimu anaweza kuzingatia hilo kwenye adhabu. Baadhi ya majimbo ya Marekani hudai walau mmoja wenu awe amechukua hatua fulani ya kuutekeleza mpango, hata ndogo kama kukodi gari. Ugumu kwa mwendesha mashitaka ni ushahidi, kwa sababu makubaliano hayaandikwi. Atayajenga kutokana na simu, safari na fedha zilizopita mikononi mwenu. Mazungumzo ya "ingekuwaje kama tungeiba pale" hayatoshi, kwa kuwa kuzungumza jambo si kukubaliana kulitenda.

Nilimuuzia mtu mtungi wa gesi na mashine ya kukatia chuma. Akavunjia benki. Mimi ni mshiriki?

Kilichokuwa kichwani mwako wakati wa kuuza ndicho kitakachoamua. Katika shauri la Bainbridge, Uingereza, vifaa kama hivyo vilitumika kuvunjia benki wiki sita baada ya kununuliwa. Mahakama ilisema si lazima msaidizi ajue ni benki ipi wala siku gani. Yatosha ajue kwamba kosa la aina hiyo linakusudiwa. Kushuku tu kwamba mteja ana jambo lisilo halali hakutoshi. Kwa hiyo muuza vifaa wa kawaida asipoteze usingizi. Ila aliyeambiwa "ni kwa kazi ya usiku kule kwenye sefu" akapokea fedha, huyo atahesabiwa sawa na mvunjaji.

Na nikikimbia katikati ya tukio, kabla mwenzangu hajaua?

Becerra, mshitakiwa katika shauri la Uingereza la 1975, alifikiri kukimbia kungemwokoa. Wakiwa ndani ya nyumba kuiba, alikuwa amempa mwenzake kisu kwa ajili ya yeyote atakayewaingilia. Mpangaji aliposhuka ngazi, Becerra akasema mtu anakuja, twende, akarukia dirishani. Nyuma yake mwenzake akamchoma mpangaji huyo hadi kufa. Rufaa yake ilishindwa, na hatia ya mauaji ikabaki.

Kujitoa kunahesabiwa kadiri ya ulivyokuwa umechangia na muda uliobaki. Mambo yakiwa bado kwenye mipango, kuwaambia wenzako waziwazi na mapema kwamba umejitoa kunaweza kutosha. Kisu kikishatolewa na mwathirika akiwa hatua chache tu, maneno hayatoshi tena. Mahakama ilidokeza kwamba pengine lililobaki lilikuwa kuingia kati na kumzuia mwenzake. Ungeweza pia kumnyang'anya kisu au kupiga kelele kumwonya mpangaji. Na hata ukifaulu kujitoa kwenye mauaji, kosa la kuvunja nyumba mlilokwisha kulitenda pamoja linabaki lako.