Barua ya shukrani baada ya usaili: nilivyoijibu shaka ya jopo

*"Wakuu, leo asubuhi nimetoka kwenye usaili mbele ya jopo la watu watatu. Mengi yalienda vizuri, ila mmoja wao alirudia mara mbili kwamba sijawahi kusimamia watu, na jibu langu lilikuwa la kubabaisha. Nataka kuwaandikia barua ya shukrani. Hiyo hoja niiguse au niiache? Na nikiigusa, niandikeje nisionekane najitetea?"*

Iguse, mkuu, na uandike leo hii hii. Hoja ikirudi mara ya pili kwenye usaili, ujue imeshaandikwa kwenye karatasi ya mtu, na siku jopo likikaa kulinganisha wasailiwa itasomwa pamoja na jibu ulilolitoa pale. Ukinyamaza, hilo jibu la kubabaisha ndilo litakalokuwakilisha. Majopo mengine hukaa siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa hiyo barua ya wiki ijayo inaweza kukuta mambo yamekwisha.

Yangu yalinikuta nilipoomba kazi ya uafisa mishahara. Nilikotoka nilikuwa nalipa watu 60, wote wa mshahara wa mwezi. Nilikokuwa naomba kulikuwa na watu zaidi ya 900, wengi wao wa zamu, wenye saa za ziada na posho ya usiku. Mama mmoja kwenye jopo, aliyekuwa mkuu wa fedha, akaniuliza, "Watu 60 unawajua kwa majina. Hawa 900 utajuaje kuna aliyelipwa visivyo?" Nikajibu kwamba najifunza haraka na kwamba mimi ni makini. Akatikisa kichwa taratibu, akaandika kitu. Baadaye kidogo akarudi palepale kwa maneno mengine, nami nikarudia lile lile. Nilitoka nikijua nimemwacha na shaka yake.

Nikiwa njiani ndipo jibu likanijia. Hata kwa wale 60 sikuwa naangalia majina. Nilikuwa na utaratibu, ila sikuufikiria kama jambo la kulieleza kwa mtu. Jioni nikaandika hivi:

> *Kichwa: Shukrani kwa usaili wa leo, nafasi ya Afisa Mishahara*
>
> *Ndugu Mkuu wa Fedha,*
>
> *Asante kwa muda wako leo. Maelezo yako kuhusu kufunga mishahara ya zamu ndani ya siku tatu yamenifanya niitake kazi hii zaidi, kwa sababu kazi ya kulinganisha hesabu kabla ya malipo ndiyo ninayoifanya kila mwezi.*
>
> *Uliniuliza nitajuaje makosa kwa watu 900, na jibu langu halikutosheleza. Ninachofanya sasa ni hiki: nachukua idadi ya waliolipwa mwezi uliopita, naongeza walioingia, natoa walioondoka, na jumla lazima ilingane na orodha ya mwezi huu. Kisha namtenga kila ambaye malipo yake yamepanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 10, na huyo namkagua mmoja mmoja dhidi ya karatasi ya mahudhurio. Kwa njia hii nakagua tofauti tu, hivyo idadi ikiongezeka utaratibu unabaki ule ule.*
>
> *Posho ya zamu ya usiku sijawahi kuikokotoa. Mwezi wa kwanza ningependa kuipiga hesabu sambamba na anayeifanya sasa, tulinganishe kabla ya kulipa.*
>
> *Nipo tayari kueleza zaidi mkihitaji.*

Basi, haikuzidi hapo. Aya ya pili ndiyo iliyobeba barua nzima. Kukiri kwamba jibu halikutosheleza kumekaa kwenye sentensi moja, na baada ya hapo sikuomba radhi tena wala sikusingizia woga. Kujitetea kunaonekana pale unapoeleza kwa nini ulijibu vibaya. Ukienda moja kwa moja kwenye kazi yenyewe, msomaji anasahau ulivyojiumauma.

Ile aya ya posho ya usiku nilisitasita kuiweka. Mwishowe niliiweka kwa sababu yule mama alikuwa na CV yangu mkononi, angeliona pengo hata nisiposema. Kulitaja pamoja na namna nitakavyolivuka kulifanya yale mengine aliyoyasoma yaaminike. Ila angalia: nililikiri pengo ambalo lilikuwa tayari mezani.

Hilo nalisema kwa sababu kabla ya hapo niliwahi kuharibu. Kwenye usaili mwingine kabisa hakuna aliyeniuliza kuhusu mwaka mmoja niliokaa bila kazi. Mimi, kwa wasiwasi wangu, nikajaza nusu ya barua ya shukrani nikiueleza. Nadhani wengine hata hawakuwa wameuona. Shaka unayoijibu iwe imetoka mdomoni mwa mwanajopo, si kichwani mwako. Na iwe moja. Ukijibu tatu, barua inakuwa orodha ya sababu za kukukataa.

Wanajopo waliobaki niliwaandikia pia, kila mmoja barua yake fupi yenye jambo alilolizungumzia yeye. Mtu akisambaza barua kwa wenzake wakakuta zote tatu ni moja iliyobadilishwa jina, umejiaibisha. Kama huna anwani zao, tuma moja kwa afisa rasilimali watu aliyekuita na umwombe aifikishe kwa jopo, na uhakikishe hoja yenyewe umeitaja waziwazi ili aliyeitoa ajitambue. Viambatisho sikuweka. Jedwali langu la mishahara lingekuwa ushahidi mzuri sana, lakini lina siri za watu wengine, na mkuu wa fedha akiliona atajiuliza za kwake nitazipeleka wapi.

Niliitwa usaili wa pili. Yule mama hakugusa tena suala la idadi; alinipa kalamu akasema nimwoneshe ubaoni huo ulinganishaji ninavyoufanya. Kwa hiyo usiandike kitu usichoweza kukisimamia ukiulizwa hatua kwa hatua.

Barua hii ina mipaka yake pia. Kuna majopo yanayotoa alama kwa kila swali papo hapo na kuzifunga mkitoka; huko barua ni adabu tu, haiongezi alama. Na kama shaka ni ya sharti lenyewe, mfano leseni ambayo huna, hakuna aya itakayoiziba. Hapo sema tu utaipata lini, kama unajua, na uishie hapo.

Kwako wewe, "nina uwezo wa kuongoza" haitamsaidia huyo mwanajopo. Tafuta tukio moja ambapo kazi ya watu wengine ilikuwa mikononi mwako japo hukuwa na cheo: ulimfundisha mgeni kazi, ulipanga zamu bosi akiwa likizo, ulirudisha kazi ya mwenzako ikarekebishwa. Andika walikuwa wangapi, kwa muda gani, nini kilikwama, na wewe ulifanya nini. Kisha kiri ambacho hujafanya, kama kumtathmini mtu rasmi au kumpa onyo, kwa sentensi moja tu. Barua nzima isizidi maneno 200, maana huenda ikasomwa kwenye simu.

Ukimaliza rasimu, futa majina uibandike hapa kabla hujaituma, tuipitie.