Methali nusu

"Nampenda dada mmoja wa Sinza, ila nikimtumia methali ananiambia naongea kama babu. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, methali nzima inageuka mawaidha. Tuma nusu, umwachie amalizie. Tuseme kakujibu baada ya siku mbili: andika "Subira..." tu. Akirudisha "yavuta heri", mwambie, "Basi heri yenyewe ndiyo imenijibu." Hapo neno heri limegeuka kuwa yeye, na umemsifia bila kugusa umbo lake. Siku akikwama kwenye foleni Mwenge, "Kawia ufike" inatosha, usiongeze kitu. "Chema chajiuza" iache kabisa, maana inamfanya bidhaa. Methali moja kwa siku, kisha rudini kwenye stori za kawaida. Akijibu "sawa" tupu mara mbili, hataki mchezo huo, acha.