Wifi alitia sahihi wosia wa baba. Je, wote umeharibika?

*Shangazi, baba alifariki Machi, mama alitangulia. Ameacha wosia: nyumba ya Umoja yangu, vyumba vya kupangisha vya Kayole vya mdogo wetu, kiwanja cha Ruiru cha kakangu. Mashahidi ni wawili, jirani na mke wa kaka, ambaye walifunga ndoa miaka mingi kabla. Wakili ametuambia kiwanja cha kaka hakiwezi kupita kwa wosia huo kwa sababu ya sahihi ya mkewe. Sasa kaka anasema kama chake kimekufa basi wosia wote umekufa, tugawane kila kitu sawa. Ameshaleta dalali Ruiru. Ni kweli? — Dada wa Umoja*

Mwanangu, si kweli. Wakili wenu amesema sawa, ila kakako amesikia nusu tu.

Soma kifungu cha 13 cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160. Kinasema mambo mawili. Kwanza, wosia hauhesabiki kuwa umeshuhudiwa vibaya eti kwa kuwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, ameachiwa kitu. Kwa hiyo sahihi ya wifi yako inahesabika, jirani ni wa pili, na sheria inataka mashahidi wawili. Pili, alichoachiwa shahidi huyo au mwenzi wake ndicho kinachobatilika, isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Nyinyi hamna. Kilichokufa ni kiwanja cha Ruiru peke yake. Nyumba yako na vyumba vya Kayole vimesimama.

Wosia wote ungeanguka kama kasoro ingekuwa kwenye shina: shahidi mmoja tu, baba hakuwa na akili timamu alipousaini, au sahihi si yake. Hata hila na shinikizo, kifungu cha 7 kinazungumzia wosia "au sehemu" yake. Sheria yenyewe inakubali sehemu moja ife, nyingine ibaki.

Kiwanja kinakwenda wapi, basi? Hapa ndipo ningekaa na huo wosia mkononi, niusome hadi mstari wa mwisho. Mawakili wengi huweka sentensi kama "mali yangu nyingine yote wagawane watoto wangu wote." Kama ipo, kiwanja kinaangukia humo, na kila mmoja wenu ana theluthi.

Kama haipo, kiwanja kinahesabiwa kama mali ambayo baba hakuiandikia wosia. Kwa kuwa mama hayupo, kifungu cha 38 kinawagawia watoto sawasawa. Lakini usikimbilie theluthi yako. Kifungu cha 42 kinataka alichokwisha kupewa mtoto, hata kwa wosia, kizingatiwe katika kukokotoa fungu lake. Tuseme nyumba yako ina thamani ya shilingi milioni 9, vyumba vya Kayole milioni 8, kiwanja milioni 4. Jumla ni 21, wastani ni 7 kwa kila mtoto. Wewe na mdogo wako mmeshapita 7, kakako ana sifuri. Akiweka hoja hiyo mbele ya jaji, ana sababu nzuri ya kuomba kiwanja chote, na nyinyi hamrudishi chochote cha wosia. Mwambie hivyo. Labda ataacha kuupiga vita wosia ambao hahitaji uanguke ili apate kiwanja. (Kama familia yenu ni ya Kiislamu, hesabu hizi si zenu, nendeni kwa Kadhi.)

Msigawane mezani. Aliyetajwa kutekeleza wosia apeleke nakala halisi mahakamani, kitengo cha familia pale Milimani, aombe hati ya kuusimamia. Tangazo litatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi sita, na wakati huo ndipo mnamwomba jaji aamue juu ya Ruiru. Mkielewana nyote watatu kumwachia kaka, andikeni, msaini, muiweke kwenye faili kabla ya uthibitisho. Mimi ningefanya hivyo. Baba alikusudia awe na kitu, na wifi yako, naamini, alisaini bila kujua.

Dalali ndiye anayenitisha. Ardhi ya marehemu haiuzwi kabla hati haijathibitishwa. Na mtu anayejiingiza kwenye mali hiyo bila idhini anatenda kosa chini ya kifungu cha 45: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mpigie kakako leo, kabla hajapokea hela ya mtu.