Pampu zimelala stoo, provisheni nayo imelala kwenye leja

Dada mmoja mhasibu wa Mwanza ameniandikia wiki hii. Mkaguzi wa hesabu kawaambia wapunguze thamani ya mzigo uliolala, yeye akafungua Journal Entry kwenye ERPNext, mfumo wao wa hesabu na stoo, akakrediti akaunti ya bidhaa, na mfumo ukamgomea:

```
Account: Stock In Hand can only be updated via Stock Transactions
```

"Kaka, huyu nimfanyeje?" anauliza.

Dada yangu, mfumo uko sahihi, uache. Akaunti ya aina ya Stock inaguswa na miamala ya stoo tu, ili jumla ya leja ifanane na jumla ya vitu vilivyo kwenye rafu. Ukiruhusiwa kuipunguza kwa mkono, kesho ripoti ya Stock Balance itasema hivi na urari utasema vile. Kinachotakiwa ni akaunti nyingine pembeni, uifungue chini ya Stock Assets, uipe jina la provisheni ya mzigo uliolala, na sehemu ya Account Type uiache tupu. Hiyo ndiyo utakayoikrediti. Kwenye mizania inakaa chini ya bidhaa na kuzipunguza, huku bidhaa zenyewe zikibaki na gharama yake ya awali.

Hapo wengi wanafunga kompyuta na kwenda kunywa chai, wakati kazi ndiyo kwanza imeanza. Naijua vizuri, maana niliwahi kupokea vitabu vya duka la vipuri hapa Dar nikakuta provisheni nono imekaa miaka, inakaguliwa, inasainiwa, na vipuri vilivyoizaa vilishauzwa vyote. Nilipomwambia mwenye duka, alinijibu mbele ya wafanyakazi kwamba nataka kujionyesha. Sawa. Niliisafisha hata hivyo, na mkaguzi wa mwaka ule aliondoka bila swali moja kuhusu bidhaa.

Nikupe hesabu yenyewe. Tuseme kuna pampu za maji 40 za Corolla ya zamani, kila moja iliingia kwa shilingi 60,000, jumla 2,400,000. Maboksi yameshika unyevu na wateja wanatoa 35,000, tena kupitia dalali anayechukua 2,000. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinataka bidhaa ionyeshwe kwa gharama yake au kwa kile kitakachobaki mkononi ukiiuza, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Hapa kinabaki 33,000. Pengo ni 27,000 kwa pampu, yaani 1,080,000 kwa zote. Unadebiti gharama ya kushuka kwa thamani, unakrediti provisheni, na hasara inaingia mwaka huu, siyo mwaka zitakapouzwa.

Mwezi Machi unauza 10 kwa 350,000. Mfumo haujui lolote kuhusu provisheni yako. Ankara inayotoa mzigo stoo ikishapita, mfumo wenyewe unadebiti Cost of Goods Sold 600,000 na kukrediti Stock In Hand 600,000, kwa ile gharama ya zamani. Ukiishia hapo, pampu hizo zinaonyesha hasara ya 250,000, na ukumbuke hasara ya pampu hizo hizo ulishaila mwaka jana. Umeumia mara mbili kwa jeraha moja. Dawa ni ingizo la pili ambalo mfumo hautakupigia: debiti provisheni 270,000, krediti ile ile gharama ya kushuka kwa thamani. Sasa gharama halisi ya zile 10 ni 330,000, faida ni 20,000, na dalali anaichukua yote. Sifuri, kama ulivyokadiria. Provisheni inabaki 810,000 kwa pampu 30, na 810,000 gawa kwa 30 ni 27,000. Fanya mgawanyo huo kila mwisho wa mwezi. Ukipata namba nyingine, kuna mauzo ambayo hujayafanyia hilo ingizo la pili.

Kama hujiamini kukumbuka kila mwezi, na wengi wenu hamkumbuki, msinidanganye, kuna njia ya pili: Stock Reconciliation. Unaingiza kipuri, stoo, idadi 40, na kwenye Valuation Rate unaandika 33,000. Mfumo wenyewe unakrediti Stock In Hand 1,080,000 na kudebiti akaunti uliyoweka kwenye Difference Account. Usiiache ile ya Stock Adjustment inayojijaza yenyewe, kwa sababu ndimo zinamoangukia tofauti za kuhesabu stoo, na mwisho wa mwaka hutaweza kutenganisha kilichoibwa na kilichochakaa. Baada ya hapo kila pampu inayouzwa inatoka kwa 33,000 na huna ingizo la pili la kufanya.

Raha, sivyo? Subiri ofisa manunuzi alete pampu mpya 10 kwa 62,000, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kufuta Reorder Level ya kipuri hicho. Kama unatumia Moving Average, pampu 30 zilizobaki za 33,000 na 10 mpya za 62,000 zinachanganywa, na zote 40 zinakuwa za 40,250. Pampu mpya ikiuzwa inaonyesha faida ya kupindukia, na ile iliyolowa inaonyesha hasara tena. Mwenye duka anakuja na bashasha kwamba pampu zinalipa, anaagiza nyingine.

Kinga yake ni rahisi na sijui kwa nini watu hawaitumii. ERPNext inahesabu thamani kwa kila kipuri katika kila stoo. Kwa hiyo fungua stoo ya mzigo uliolala, hata kama ni kona tu ya chumba kile kile, hamishia pampu 40 humo, kisha shusha thamani humo humo. Mpya zikija zinaingia stoo kuu kwa 62,000 na hazikutani. Andika pia mahali ile gharama ya 60,000, kwa sababu IAS 2 inakulazimu kurudisha thamani soko likipanda, lakini isivuke pale ilipoanzia, na mfumo sasa unaiona 33,000 tu.

Jambo la tarehe: wengi wanashusha thamani Februari na kuandika Desemba 31. Mfumo unakubali, halafu unapita nyuma na kuhesabu upya gharama ya kila mauzo yaliyofuata. Ripoti ya Januari uliyompa bosi inabadilika bila kuaga. Mbaya zaidi ni kuandika idadi uliyohesabu leo kwenye tarehe ya zamani, kwani mfumo utaamini ndiyo iliyokuwepo Desemba 31. Idadi iwe ya tarehe hiyo hiyo.

Na ripoti ya Stock Ageing mnayoiabudu? Inadhani kilichoingia kwanza ndicho kilichotoka kwanza. Muuza duka anampa mteja pampu mpya kwa sababu boksi lake linang'aa, ripoti inaandika kwamba ya zamani ndiyo imeondoka. Baada ya muda kwenye skrini mzigo wote ni mchanga, na rafuni pampu zimeota kutu. Kisha mtu anachukua umri huo, anazidisha kwa asilimia ya sera, anaita provisheni. Umri ni dalili tu, bei ndiyo ushahidi. Kuna filta inakaa mwaka mzima na kuuzwa bei kamili, hiyo usiiguse. Chukua orodha, ingia stoo, soma tarehe kwenye maboksi, kisha muulize muuzaji aliuza ya mwisho kwa shilingi ngapi.

Dada wa Mwanza, kwako hesabu za mwaka bado ziko wazi na mkaguzi anataka kuona gharama ya awali, hivyo nenda na provisheni. Jina la kila kipuri, idadi na kiasi chake viwe kwenye jedwali moja ambalo jumla yake ni salio la akaunti hiyo.