Mteja Kafilisika Februari, Ghala Limeungua Machi: Hesabu za Desemba Zibadilike?

Kampuni nyingi hapa Nakuru hufunga mwaka tarehe 31 Desemba, lakini wakurugenzi hawatii sahihi hesabu hadi Machi au Aprili. Katika miezi hiyo mambo hutokea. Mteja mkubwa anafilisika, moto unapita kwenye ghala, na ghafla kila mtu ofisini ana maoni yake kuhusu hesabu ambazo bado hazijatoka. Nimeandaa hesabu za wasambazaji wa pembejeo kwa muda mrefu, na mwaka mmoja kampuni moja ilipatwa na yote mawili. Nitaieleza kesi hiyo kwa kina, nikiwa nimebadilisha tarakimu na tarehe, kwa sababu inaonyesha vizuri mahali watu wanapokosea.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachotawala jambo hili ni IAS 10, na kampuni zinazotumia kiwango cha kampuni ndogo na za kati zitakuta kanuni ileile katika sehemu yake ya 32. Kipindi kinachohusika huanza siku ya kufunga mwaka na kuisha siku wakurugenzi wanapoidhinisha hesabu zitolewe. Mkutano wa wanahisa hata ukifanyika Juni haukirefushi. Ndani ya kipindi hicho, swali la kujiuliza si habari ilifika lini. Jiulize kama hali iliyoleta hasara ilikuwa tayari ipo tarehe 31 Desemba. Kama ilikuwepo, tarakimu za mwaka uliopita zinarekebishwa. Kama ilizaliwa baadaye, tarakimu haziguswi, ila tukio linaelezwa kwenye maelezo ya hesabu iwapo ni kubwa kiasi cha kumpotosha msomaji likiachwa.

Tuanze na mteja. Alikuwa na maduka ya pembejeo upande wa Kakamega na Bungoma, akichukua mbolea, mbegu na dawa kwa mkopo na kulipa baada ya mavuno. Tarehe 31 Desemba 2024 alidaiwa shilingi 6,400,000. Tarehe 18 Februari 2025 akawekwa chini ya msimamizi kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Mkurugenzi mkuu, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, hii ni hasara ya Februari. Desemba huyu mtu alikuwa bado anafungua maduka yake kila asubuhi." Nilimjibu, "Mzee, maduka yalikuwa wazi, lakini hebu tuangalie alikuwa akilipa vipi."

Tukafungua orodha ya madeni kwa umri. Katika zile milioni 6.4, shilingi milioni 5 zilikuwa za ankara za Agosti na Septemba, zilizotakiwa kulipwa ndani ya siku 60. Hundi mbili zilirudi Novemba kwa kukosa fedha. Kuanzia Oktoba alikuwa ameacha kulipa ankara nzima, akawa anatuma vipande vya laki moja au mbili, na mauzo yetu kwake yalikuwa yameshuka kwa sababu meneja wetu wa mikopo alianza kumbana. Baadaye ripoti ya kwanza ya msimamizi ilionyesha kwamba benki ilikuwa imemwandikia barua ya kudai mkopo wake tangu Oktoba. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuzama kabla ya Krismasi. Februari ilithibitisha tu.

Ndiyo maana IAS 10 inasema kwamba kufilisika kwa mteja baada ya mwaka kufungwa kwa kawaida huthibitisha kwamba deni lake lilikuwa limeharibika tayari siku ya kufunga. Biashara haifi kwa usiku mmoja. Lakini neno "kwa kawaida" lina uzito wake, na hapa ndipo wengi huteleza kwa kurekebisha kila ufilisi bila kuuliza chochote.

Mfikirie mfanyabiashara wa Kisumu aliyelipa ankara zake zote kwa wakati hadi Desemba, hana hundi iliyorudi, benki haijamgusa. Mwishoni mwa Januari mafuriko yanaingia kwenye stoo yake, mali yote inaharibika, hana bima, na Machi anafilisika. Hapo kilichomuua kilizaliwa Januari. Deni la Desemba lilikuwa zima siku ya kufunga, kwa hiyo hasara ni ya mwaka mpya, na katika hesabu za mwaka uliopita utaieleza tu kama ni kubwa. Kinachotofautisha wateja hawa wawili ni ushahidi wa kabla ya Desemba 31. Ukusanye na uuweke kwenye faili: orodha ya madeni kwa umri, taarifa za hundi zilizorudi, barua na ujumbe wa simu kuhusu kuchelewa, na ripoti ya msimamizi sehemu inayoeleza sababu za kuanguka. Mkaguzi atauliza hayo hayo.

Ukishaamua kurekebisha, kazi inayofuata ni kiasi, na ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Deni lililokuwa kwenye leja siku msimamizi alipoteuliwa lilikuwa shilingi 6,900,000, na karani alitaka kulifuta lote katika mwaka wa 2024. Lakini ndani yake kulikuwa na mali ya shilingi 900,000 iliyouzwa Januari. Mauzo hayo hayakuwepo Desemba, kwa hiyo hasara yake haiwezi kuwepo Desemba. Upande wa pili, mteja alikuwa amelipa 400,000 Januari kupunguza ankara za Agosti, na fedha hizo zilikwisha ingia benki.

Kwa hiyo tulianza na 6,400,000, tukatoa 400,000 zilizolipwa, zikabaki 6,000,000. Msimamizi alikadiria kwamba wadai wasio na dhamana wangepata karibu senti 20 kwa kila shilingi, yaani 1,200,000. Hasara ikawa 4,800,000. Kwenye vitabu tayari kulikuwa na tengo, yaani hasara iliyokwisha kadiriwa na kuandikwa mapema, la shilingi 640,000 kwa ajili ya mteja huyo, hivyo gharama iliyoongezwa kwenye faida na hasara ya 2024 ilikuwa 4,160,000. Kwenye mizania deni likasomeka 1,600,000, nazo ni zile laki nne zilizoingia pamoja na milioni 1.2 zinazotarajiwa. Hasara ya mauzo ya Januari, shilingi 720,000 kwa kiwango hichohicho cha malipo, ilikwenda mwaka 2025.

Tulipokuwa bado tunabishana kuhusu hilo, ghala likaungua. Ilikuwa tarehe 11 Machi 2025, wiki ambazo wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wananunua kwa wingi kwa ajili ya kupanda, kwa hiyo ghala lilikuwa limejaa. Kwa uchungu wa siku ile, mzee alitaka hasara yote iingie kwenye hesabu ambazo hazijatiwa sahihi. Namwelewa. Lakini tarehe 31 Desemba ghala lilikuwa limesimama na mali ilikuwa salama. Hakuna chembe ya moto ule iliyokuwepo siku hiyo. Bidhaa na jengo vinabaki kwenye mizania ya Desemba kwa thamani ileile, hata kama leo ni majivu, na hasara inaingia mwaka 2025.

Isipokuwa jambo moja, na naomba mlisome taratibu. Katika hesabu ya mali ya Desemba kulikuwa na mbegu za mahindi za shilingi 750,000 ambazo muda wake wa kuuzwa ulikuwa umekwisha pita. Mbegu hizo hupakwa dawa, kwa hiyo huwezi hata kuziuza kama chakula. Baada ya moto kuna aliyesema tusijisumbue nazo, zimeungua pamoja na nyingine, zote zihesabiwe kwenye hasara ya moto. Hapana. Mbegu zile zilikuwa hazina thamani Desemba, moto uwepo usiwepo. Zilishushwa hadi sifuri katika hesabu za 2024, na hazikuingizwa kwenye kiasi cha hasara ya moto. Tukio la baadaye lisilorekebisha hesabu halifuniki udhaifu uliokuwepo kabla yake. Kila panapotokea moto, mafuriko au wizi, rudi kwenye karatasi za hesabu ya mali ya Desemba uone kama kuna bidhaa iliyokuwa imekwisha kufa yenyewe.

Maelezo ya moto kwenye hesabu yanatakiwa kusema mambo mawili: tukio lenyewe, na makadirio ya athari yake kwa fedha, au kauli kwamba makadirio hayawezekani. Wengi huandika tu thamani ya mali iliyokuwepo Desemba. Msomaji anahitaji kujua kilichopotea siku ya moto, ikiwemo mali iliyonunuliwa Januari na Februari. Sisi tuliandika hivi:

"Tarehe 11 Machi 2025 moto uliteketeza ghala la kampuni mjini Nakuru. Bidhaa zilizoteketea zilikuwa na thamani vitabuni ya shilingi 14,200,000, na jengo shilingi 5,000,000. Kampuni imewasilisha dai la bima, ambalo hadi tarehe ya kuidhinishwa kwa hesabu hizi lilikuwa bado linatathminiwa. Hesabu za mwaka ulioishia 31 Desemba 2024 hazijarekebishwa kwa sababu ya tukio hili."

Fidia ya bima usiiweke kama mali kwenye mizania ya Desemba. Haki ya kuidai ilitokana na moto wa Machi. Hata katika mwaka mpya, haiandikwi kuwa mali hadi malipo yawe karibu ya uhakika kabisa, na mtathmini kutembelea mabaki ya ghala si uhakika.

Kuna hali moja ambapo moto wa Machi unaweza kubadilisha tarakimu zote za Desemba. Ikiwa baada yake wakurugenzi wameamua kufunga kampuni, au hawana njia nyingine ya kweli ila kuifunga, hesabu haziwezi tena kuandaliwa kana kwamba biashara inaendelea. Hapo haurekebishi bidhaa peke yake, msingi wote wa hesabu unabadilika. Tulikaa na makadirio ya fedha taslimu ya miezi 12, ovadrafti, wauzaji waliokubali kutupa mbolea kwa mkopo, na msimu uliokuwa umebaki. Kampuni iliweza kuendelea, lakini ilitegemea benki kuongeza muda wa ovadrafti, na benki ilikuwa haijajibu. Wakurugenzi wakaandika shaka hiyo wazi kwenye maelezo. Mzee hakupenda wauzaji waisome, nami nilimwambia kwamba hao ndio wanaostahili kuisoma kwanza, maana mali yao ndiyo inayokwenda kwenye ghala jipya.

Siku moja kabla ya wakurugenzi kutia sahihi, mpigie simu msimamizi wa ufilisi na umwulize kama kiwango cha senti 20 bado kinasimama, kisha uulize benki na kampuni ya bima wamefikia wapi. Siku yetu ilikuwa 29 Aprili. Msimamizi hakuwa amebadilisha makadirio yake, benki ilikuwa imekubali miezi sita tu, na kifungu cha ovadrafti kikaandikwa upya jioni hiyo kabla ya hesabu kuchapwa.